Picha Iliyozidi Kuwa Nyeusi

Mimi sikuwa daktari. Nilikuwa mpiga picha wa eksrei katika hospitali moja pale Isiolo, na kwa miaka yote niliyokaa mji ule sikufaulu kumshawishi mtu yeyote kwamba hayo ni mambo mawili. Nilivaa koti jeupe, nilikuwa na chumba changu chenye giza, na niliweza kumwona mtu mifupa bila kumchuna ngozi. Hayo yalitosha. Wauza miraa, ambao ni watu wa kwetu Meru, waliniita daktari kwa kunitania. Wafugaji waliniita daktari bila mzaha wowote, na hao ndio walionitia hofu.

Nina hasira za karibu, sikatai. Kitu kilichokuwa kikiniudhi kuliko vyote ni bahasha. Malori ya mifugo yalishuka kutoka upande wa Garbatulla, dereva akapiga honi langoni, akanipa bahasha ya kaki iliyotumwa na mtu fulani. Ndani kulikuwa na picha ya eksrei iliyokunjwa kama leso, au majibu ya damu, au ripoti kutoka hospitali kubwa ya Nairobi. Barua hakuna. Swali hakuna. Mtu amekutumia kifua chake kwa lori la ng'ombe, hata hujambo hajasema.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba haikuwa ukosefu wa adabu. Wengi hawakuandika, na ukimtuma dereva kwa mdomo, ugonjwa wako utajulikana kila kituo anachosimama kunywa chai. Lakini kulikuwa na jambo lingine zaidi ya hayo. Mtu asiyeuliza bado hajajibiwa, na kuna majibu ambayo mtu angependa yachelewe kidogo.

Daktari wetu mkuu alikuwa na msimamo wake. "Karatasi haitibiwi," alisema. "Waambie walete mgonjwa." Alikuwa na haki. Lakini kati ya mgonjwa na benchi letu palikuwa na barabara inayomtikisa mzima mpaka awe mgonjwa, na hakuna anayeipanda bila kujua anaifuatia nini. Kwa hiyo nilijitengenezea njia yangu. Nilimweleza mtu kipimo hiki ni cha nini, maneno haya magumu maana yake ni nini kwa kawaida, karatasi hii haiwezi kusema nini, na akirudi kwa daktari wake amuulize nini. Basi. Daktari mkuu alijua, akaniacha, ila alinionya. "Siku utakapomwambia mtu 'una ugonjwa fulani', nitakurudisha kwenu Meru kwa miguu." Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Bahasha ninayotaka kuisimulia ilikuja mwishoni mwa miaka ya themanini, msimu wa jua kali, wakati hata mbwa wa mtaa wa Bulla Pesa walikuwa hawabweki. Dereva alikuwa mtu ninayemfahamu. Nikamuuliza imetoka kwa nani.

"Mzee mmoja wa huko mbele," akasema. "Ni ya bibi yake."

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu. Amesema tu, mpe daktari."

Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa ripoti iliyopigwa chapa kwa Kiingereza, nyeupe, safi. Ilikuwa ya kipimo cha tumbo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile ambayo siku hizi kila mama mjamzito anaijua, lakini wakati ule ilikuwa ngeni kwetu. Isiolo hatukuwa nayo. Mimi niliiona Nairobi nilipopelekwa kozi, nikaishika kwa mikono yangu wiki chache, basi. Karatasi ya pili ilikuwa ndogo, ya kung'aa, laini mkononi. Ilipaswa kuwa picha. Ilikuwa nyeusi karibu yote, isipokuwa utepe mwembamba wa kijivu kwenye pembe moja.

Niliigeuza huku na huku. Nikaisogeza dirishani. Nawaambia ukweli, sikuipenda. Nimeshika picha za vifua vilivyoliwa na za mafuvu yaliyopasuka, na usiku nikalala. Ile karatasi ilikuwa inanitazama. Nikaifunika kwa ripoti, nikampelekea daktari mkuu vyote viwili. Akasoma ripoti, akaniambia neno lake la siku zote, kwamba aletwe mgonjwa. Kuhusu picha akasema, "Hii si kitu, haionyeshi chochote," akaniachia.

Nikamtuma dereva: mwambie mzee aje, na kama mkewe anaweza kusafiri aje naye.

Alikuja peke yake. Alikuwa mtu mrefu, ndevu zimetiwa hina, shuka begani na kofia iliyofuliwa. Nilimkuta ameketi nje ya chumba changu, watoto wa watu wanalia kushoto na kulia kwake, yeye ametulia kabisa.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mzee. Wazima nyumbani?"

"Wazima."

"Mifugo?"

"Iko. Mvua ndio haiko."

Tukazunguka hivyo, mvua, majani, barabara, mpaka nikaona nisipoanza mimi tutafika magharibi. Nikamwingiza ndani, nikamwekea chai kutoka birika langu la umeme, nikamuuliza ananitaka nimsaidie nini.

"Wewe tazama karatasi," akasema. "Wewe ndio unajua."

Nikaona jibu ni lile lile la dereva. Basi nikaanza, kama nilivyozoea, kutoka mwanzo.

Nilimwambia kwanza kwamba mimi si daktari, na mkewe simwoni hapa, kwa hiyo siwezi kusema ana nini. Ninachoweza ni kumwambia karatasi inasema nini. Nikamweleza kwamba mashine ile haitumii miale ya eksrei. Inatuma sauti tumboni, sauti ambayo sikio halisikii, halafu inasikiliza inavyorudi. Inaporudi kwa nguvu inachora weupe, na mahali pa maji, ambapo hairudi, inaacha weusi. Akaitikia kwa kichwa. Sikuona uso wake ukibadilika.

Nikachukua ripoti. Figo, kawaida. Nyongo, kawaida. Wengu, kawaida. Nikamwambia asilidharau hilo neno kawaida, kwa sababu kuna watu wanapita juu yake mbio wakitafuta ubaya, na ndilo neno zuri kuliko yote katika karatasi. Halafu ini. Hapo waliandika kwamba ndani ya ini, upande wa kulia, kuna mfuko wa maji, wakaandika na upana wake. Wakasema ifikiriwe kwamba huenda ni ile mifuko inayoletwa na minyoo ya mbwa, na kwamba matokeo yalinganishwe na hali ya mgonjwa na kipimo cha damu.

"Mzee, umewahi kuchinja mbuzi ukakuta mfuko wa maji kwenye ini?"

"Mara nyingi."

"Hilo ini mnalifanya nini?"

"Tunatupia mbwa."

Nikamweleza jinsi unavyozunguka. Mbwa anakula ule mfuko, minyoo inakua tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, yanafika mikononi, kwenye maji, kwenye chombo cha maziwa, na mtu anayameza bila kujua. Miaka inapita ndipo mfuko unajulikana. Nikamwambia ini la namna hiyo lizikwe au lichomwe, mbwa asipewe, na mikono ioshwe kabla ya kula. Lakini hapo hapo nikajizuia, nikamwambia, "Sisemi mama ana hiyo. Walioandika wenyewe hawakusema anayo. Wamesema ifikiriwe. Kuna mifuko ya maji ambayo mtu anazaliwa nayo na haimfanyi kitu. Kuna mingine ni usaha. Anayetenganisha ni daktari akiwa na mgonjwa mbele yake na damu yake kwenye chupa."

Nikaendelea, kwa sababu nilijua desturi za upande ule. Mtu akiumwa mahali, kuna fundi wa kumchoma kwa chuma cha moto mahali pale pale. Nikamwomba wasimchome hapo mbavuni, wasimchanje, na asikubali mtu yeyote amtoboe nje ya hospitali. Kama mfuko ni wa aina ile na ukapasuka, maji yake yakimwagika ndani yanaweza kumwangusha mtu ghafla, na yanaweza kupanda mifuko mingine. Nikamtajia ya kumfanya asingoje: maumivu ya kushtukiza, homa, macho ya manjano, mwili kuwasha na kuvimba, au kuzirai. Mwisho nikamwonyesha mstari wa chini kabisa. Waliandika mama arudi kliniki ya upasuaji. Siku yenyewe ilikuwa imeshapita.

"Mbona hakurudi?"

Chai yake ilikuwa imepoa na hakuigusa. Nilikuwa nimesema maneno mengi, yote ya kweli, yote ya maana, na nilianza kuona kwamba hakuna hata moja lililomgusa. Nilihisi kama nimempokea mtu mlangoni nikamwonyesha vyumba vyote vya nyumba, naye amekuja kutafuta mtoto wake.

Hasira yangu ikapanda kidogo. "Mzee, mimi nitasema mpaka nichoke. Kitu gani hasa kinakusumbua?"

Akanyoosha mkono, akaitoa ile picha chini ya ripoti, akaiweka katikati ya meza kwa ncha za vidole.

"Hii," akasema. "Imebaki hapa tu." Akagusa ule utepe wa kijivu. "Ikiisha hapa, ni siku hiyo hiyo ama anapata siku kidogo?"

Sikumwelewa. Nikamwambia anieleze polepole, na hapo ndipo alipoeleza, akitazama meza.

Walipopewa picha ile Nairobi, ilikuwa na rangi ya majivu, na katikati palikuwa na shimo jeusi dogo. Mtu wa mashine aliwaonyesha kwa kidole kwamba ugonjwa ndio huo mweusi. Walipanda lori, picha ikakaa mbele karibu na kioo, mahali pa heshima, isikanyagwe na miguu ya watu. Walipofika Isiolo shimo lilikuwa limepanuka. Nyumbani mkewe aliiweka kwenye kisanduku cha bati pamoja na kanga zake nzuri, juani, karibu na jiko. Kila asubuhi aliitoa akaitazama. Na kila asubuhi weusi ulikuwa umesogea.

"Sisi hatujui kusoma hiyo nyingine," akasema. "Lakini hii, hata mtoto anasoma."

Mkewe aliacha kula vizuri. Hakutaka kurudi Nairobi kufungwa sanda na watu asiowajua. Aligawa mbuzi wake, akamtaka radhi kila jirani, na mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa ananyonya bado, akampa mdogo wake wa kike anayekaa mbali huko njia ya Leparua, ili mtoto amzoee mapema. Sasa alikuwa analala tu, ameelekezwa kibla, anasubiri pembe iishe. Mume aliiba picha akanitumia mimi kwa lori, ili isiwe pale asubuhi mkewe akiitafuta.

Nilisimama. Nisingeweza kuendelea kukaa. Nilikuwa naiona ile nyumba, na mwanamke wa umri wa dada yangu akifungua kisanduku kila kunapokucha ili ajisome kifo kimefika wapi. Naiona hata leo.

Karatasi ile niliifahamu. Kule kwenye kozi, mwalimu wetu alitukataza kuiweka hata dirishani. Haichapwi kwa wino wala haioshwi kwa dawa kama filamu zetu. Mashine inaichora kwa joto, na kwa hiyo joto lolote linaendelea kuichora. Daktari mkuu hakuwa na sababu ya kulijua hilo, na mimi nilikuwa nimeishika picha siku kadhaa nikaidhania imechapwa vibaya tu, kwa sababu sikujua ilianza ikiwaje.

Ningemweleza hivyo kwa maneno, angeitikia kwa kichwa tena. Nikachukua birika, nikalichemsha upya, nikamwambia, "Mzee, tazama hapa." Nikaubana ule utepe wa kijivu kwenye ubavu wa birika.

Akanishika mkono. Alikuwa na nguvu. Alinishika kama mtu anayemzuia mwenziwe asimchinje mtu, na hapo nikajua nilichokuwa nafanya machoni pake. Lakini ilikuwa imekwisha. Karatasi ilitoka nyeusi tupu.

"Nimemuua mama?" nikamuuliza. "Nimeuongeza ugonjwa wake kwa birika?"

Aliitazama karatasi, akalitazama birika. Akaligusa, likamchoma, akarudisha kidole. Akaigeuza karatasi, akaikwaruza kwa ukucha. Halafu akasema, kwa sauti ya chini sana, "Ni jua."

"Ni jua. Na moto wa jiko. Picha ilipigwa siku moja, na ilimaliza kazi yake siku hiyo. Haimfuati mgonjwa nyumbani."

Alijifunika uso kwa shuka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika na mimi niligeukia ukuta, nikajifanya napanga filamu. Nilitaka kulia na sikutaka anione.

Alipojifunua alikuwa na swali, sasa lake kabisa, na macho yake yalikuwa yamewaka. "Kwa hivyo yeye ni mzima? Atapona?"

Naapa sijawahi kutamani kusema ndiyo kama siku ile. Ilikuwa mdomoni. Angepanda lori akiimba.

"Sijui," nikasema. "Weusi huu hausemi amezidiwa. Hausemi amepona pia. Ule mfuko walioandika bado umeandikwa, na siku ya kliniki imepita. Waliotaka kuutazama wako Nairobi. Mpeleke hata kama siku imepita, wape hii nyeupe, hii nyeusi usimrudishie mama."

Taa ile ya macho ikapungua, nikaiona ikipungua. Lakini haikuzimika. Akaikunja ripoti, akaitia kifuani. Nikampa maswali ya kumuuliza daktari, akayarudia mara mbili kwa sauti: ni mfuko wa aina gani, damu inasema nini, dawa ama kisu, na dalili gani zitaonyesha hali inaharibika. Alikuwa amesikia kila kitu tangu mwanzo. Nilipomsindikiza langoni hakuniaga kwa maneno mengi, na dereva wa lori alimwachia nafasi ya mbele.

Nikakaa nikisubiri habari. Sikuwa na haki ya kuzisubiri, hakuwa mgonjwa wangu. Kila lori lililopiga honi nilitoka mwenyewe. Nilianza kuota mraba mweusi, mdogo, uko ukutani kwangu na unapanuka kwenda dirishani. Mke wangu aliniambia nipunguze chai.

Mvua zilinyesha, zikaisha. Asubuhi moja nikamkuta mwanamke amesimama pale nje ya chumba changu, mwembamba, kitambaa cha buluu kichwani. Mume alikuwa nyuma yake, akaniita daktari, na nikamjua kwa ndevu. Walikuwa wametoka kliniki Nairobi mara ya mwisho. Daktari wa huko alithibitisha ulikuwa mfuko wa minyoo ile, akampasua, akampa na dawa za kumeza. Mwanamke alipitisha kiganja ubavuni juu ya nguo kunionyesha urefu wa kovu, akacheka kwa aibu.

Nilifurahi mpaka nikapiga makofi, mtu mzima. Nikawakaribisha chai. Walikuwa na mwanamke mwingine, mdogo kidogo kwa umri, aliyeshuka kutoka njia ya Leparua ili waonane mjini. Alikuwa amembeba mtoto wa kiume mgongoni, mtoto mnene, mwenye ushanga mmoja shingoni.

Mama yule wa kovu alinyoosha mikono. Mtoto alimtazama, akamtazama aliyembeba, akauficha uso shingoni mwa huyo. Yule mdogo akamwambia kwa upole, "Nenda kwa mama mkubwa." Hakwenda.

Nilisema upuuzi fulani, kwamba watoto ni hivyo, atazoea. Sisi wanaume wawili tulikunywa chai. Yule mdogo alipotoka nje kumsafisha mtoto, nikamuuliza mama, pengine bila adabu, kama sasa atamrudisha mtoto nyumbani.

"Dada yangu hajazaa," akasema. "Nilimpa mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele ya watu. Nilimwambia mimi ni wa kufa. Sasa nitamwambia nini, daktari? Kwamba ilikuwa ni karatasi?"

Alikuwa ananitazama, anangoja. Lilikuwa swali la kweli, na alikuwa ameniuliza mimi.